Shajara ya bajeti ya boti za wagonjwa, Lamu: Septemba 2024 hadi Julai 2025

2 Septemba 2024

Waraka wa bajeti umetufikia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka uwe umetoka kufikia tarehe 30 Agosti, kwa hiyo mara hii hatuna la kulalamika. Afisa mkuu wa idara ameniita akanikabidhi kazi ya boti za wagonjwa: niandike ombi la nyongeza, nipange vipaumbele, na mwezi wa Mei niende nikalitetee mbele ya kamati ya afya ya bunge la kaunti.

Nimeamua kuandika shajara kwa sababu mwaka jana tuliomba, tukanyimwa, na hakuna aliyekumbuka tulinyimwa kwa hoja gani.

Boti zetu ni mbili. Moja inalala Faza na kuhudumia kisiwa cha Pate, nyingine iko Kiunga. Kila moja ina mashine ya nguvu za farasi 75, ya kuchanganya petroli na oili. Huduma za ambulensi zimetajwa kwa jina katika Jedwali la Nne la Katiba kuwa ni kazi ya kaunti, na huku kwetu ambulensi ya mgonjwa wa Siyu ni boti, hana njia nyingine ya kutoka kisiwani Pate kufika Amu, mji wa Lamu. Hilo kamati inalijua. Sitalipotezea hata aya moja.

11 Septemba

Nimekaa siku mbili na daftari la safari la boti. Mwaka wa fedha 2023/24 boti ya Faza ilienda Amu na kurudi mara 112, ya Kiunga mara 30. Safari ya Faza inakula kama lita 50, ya Kiunga lita 150. Zote pamoja ni lita 10,100.

Petroli nimeikadiria shilingi 190 kwa lita, maana ikifika kisiwani kwa madumu haiwezi kuwa bei ya pampu. Oili inachanganywa sehemu moja kwa 50 za petroli, na lita yake ni 600, hivyo kila lita ya petroli inaongezeka shilingi 12. Lita iliyochanganywa inasimama kwa 202. Zidisha: 2,040,200.

Kifungu chetu cha mafuta ni 1,500,000.

Ile tofauti ya 540,200 ilienda wapi? Nimempigia mhasibu, akacheka. Iko kwa muuza mafuta. Tunadaiwa.

13 Septemba

Nimefanya kosa na afadhali nimeliona mwenyewe kabla ya mheshimiwa yeyote. Daftari la boti linaonyesha safari zilizofanyika tu. Boti ikiwa imekauka mafuta, nahodha haandiki kitu, kwa kuwa hakuenda popote. Ningepeleka hesabu ile, ningekuwa nimewaambia kamati kwamba mahitaji ya watu ni sawasawa na mafuta tuliyonayo, na basi nyongeza ya nini?

Daftari linalotakiwa ni la simu, lile ambalo wauguzi wanaandika wanapoita boti. Bi. muuguzi mkuu wa Faza ameniletea lake limefungwa kwa mfuko wa plastiki lisiingie maji ya chumvi. La Kiunga nimetumiwa kwa picha, kurasa nyingine zimekatika pembeni ikabidi niombe tena.

Faza waliita mara 150. Kiunga mara 44. Kwa hiyo simu 52 hazikujibiwa: 38 za Faza na 14 za Kiunga. Muuguzi ameandika sababu mbele ya kila moja, Mungu amlipe. Simu 31 hakukuwa na mafuta, na 21 mashine ilikuwa mbovu.

26 Septemba

Nimeenda Faza. Nahodha wetu ni mtu mzima, ananiita mwanangu mbele ya watu na simkatazi. Nilimwonyesha lita 50 zangu akazitazama muda.

"Za mwaka mzima hapo sawa," akasema. "Lakini mwanangu, kusi si kaskazi."

Wakati wa kusi upepo na mawimbi vinakuja kinyume akielekea Amu, mashine inapiga kelele na boti haisogei, na safari inaweza kufika lita 60. Kaskazi ikitulia anaenda na 45. Tena maji ya bamvua yakitoka, mkondo wa Siyu unabaki matope matupu, boti haifiki. Mgonjwa inabidi aletwe Faza au Mtangawanda kwa pikipiki, na nahodha anasubiri huku mwezi unatembea.

Tumechukua daftari la simu tukagawa kwa miezi. Katika lita 14,100 ambazo zingetosha simu zote za mwaka, lita 4,900 zinaangukia Julai, Agosti na Septemba. Ni zaidi ya theluthi, katika robo moja ya mwaka.

Na robo hiyo ndiyo ya kwanza ya mwaka wa fedha. Ndipo bajeti mpya inaingizwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha maombi ya kutoa fedha, na pesa zinajikokota. Kusi inavuma wakati mfuko umefungwa. Nimetazama zile simu 31 za kukosa mafuta: 19 ni za miezi hiyo mitatu. Kwa hiyo hata tukipewa kila shilingi tunayoomba, ikiwa imegawanywa robo kwa robo sawasawa, bado Agosti tutakauka.

30 Septemba

Jambo la mashine. Katika zile simu 21, 16 ni za Faza, na ni za wiki tatu mfululizo. Nahodha anakumbuka vizuri. Mashine iliacha kukojoa, ndivyo wanavyosema: ule mshipa mdogo wa maji unaotoka ubavuni kuonyesha kuwa pampu inapoza injini ukakatika. Akaizima kabla haijaungua. Mchanga na matope ya maji machache yalikuwa yamekwangua gurudumu la mpira lililo ndani ya pampu. Kipuri hicho ni elfu chache tu. Kilingojewa kutoka Mombasa wiki tatu, kwa sababu hatukuwa na fedha ya matengenezo.

Nilidhani kifungu tunacho. Kumbe tunacho kwa jina. Matengenezo ya boti yako ndani ya kifungu 2220100, pamoja na magari yote ya idara. Gari likiharibika Mpeketoni au Witu gereji inaleta ankara siku hiyo hiyo, na kifungu kinakwisha kabla boti haijakumbukwa. Ukisoma bajeti yetu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, neno boti halimo.

21 Oktoba

Kikao cha kwanza cha vipaumbele. Rasimu ya wenzangu ilikuwa na boti mpya juu kabisa, 6,500,000. Naelewa kwa nini. Boti mpya inaonekana, ina rangi, inazinduliwa, na kila mwakilishi wadi angependa isimame kwake. Mafuta hayazinduliwi.

Nimepinga. Boti ya tatu bila mafuta ya ziada inagawana petroli na mbili za mwanzo. Tutakuwa na boti tatu zilizokauka pahali pa mbili.

Kukatokea ubishi mwingine, wa maana zaidi. Mimi nilikuwa nimeweka mafuta namba moja na matengenezo namba mbili. Mwenzetu wa mipango akauliza kipimo changu ni nini, nikasema ni simu ngapi zinapona kwa kila shilingi. Akaniambia basi hesabu. Matengenezo nilikuwa nimeyakadiria 400,000: huduma ya mashine kila saa 100 za kukimbia, ambazo kwa boti zote mbili zinakuja kama sita kwa mwaka kwa 35,000 kila moja, na 190,000 inayobaki ni ya pampu, plagi, rafadha na vipuri vya kuweka stoo. Gawanya kwa simu 21, kila simu inaokolewa kwa kama 19,000. Mafuta ya kujibu simu 52 ni lita 4,000, yaani 808,000, kama 15,500 kwa simu.

Kwa hiyo mafuta yanashinda? Hapana, na hapa ndipo nilipojifunza. Simu 21 za mashine mbovu zinahitaji vyote viwili. Mafuta ya ziada kwenye boti iliyoharibika yanakaa dumuni. Kipimo cha shilingi kwa simu hakitoshi peke yake; lazima uulize pia kipi kinasimama bila kingine.

Basi tumepanga kwa kutegemeana. Kila kipaumbele kinasimama kwa kilicho juu yake, ili kamati ikikata, ikate kutoka chini na kilichobaki kifanye kazi.

Cha kwanza ni kusawazisha kifungu cha mafuta, 540,200, ili safari tunazofanya tayari zisizalishe deni. Deni la zamani la kiasi hicho hicho linaenda kwenye orodha ya madeni ya kaunti, si humu. Cha pili ni matengenezo, 400,000, kwenye mstari wake wenyewe unaotaja boti. Cha tatu ni mafuta ya simu zisizojibiwa, 808,000. Cha nne ni mashine moja ya akiba, 1,050,000, inayoweza kufungwa kwenye boti yoyote kati ya mbili. Boti mpya ni ya tano.

14 Novemba

Hakuna cha kuandika. Idara zote zinangoja kujua mgao wa kaunti baada ya mvutano wa Seneti na Bunge la Taifa uliofuata kuondolewa kwa Mswada wa Fedha wa 2024.

Desemba

Mgao wa kaunti zote kwa mwaka huu tulio nao umekuwa bilioni 387.4, chini ya bilioni 400 zilizokuwa zimepitishwa mwanzo. Huo ndio mwaka wa sasa, si tunaouombea, lakini kila mtu wa hazina ameshikwa na hofu, na hofu inakuja na mkasi.

6 Februari 2025

Andika hili kwa herufi kubwa kwa atakayenirithi: vita ni Februari, si Mei. Mkakati wa Fedha wa Kaunti unapelekwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na ukishapitishwa vikomo vya kila idara vimefungwa. Kanuni za 2015, kanuni ya 37, haziruhusu bunge kugeuza kikomo cha fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1. Mwaka jana tulifika Mei na hoja nzuri, kikomo kimeshakauka kama saruji.

Leo nimeketi na watu wa hazina. Swali lao lilikuwa moja: mtatoa wapi? Sikuwa na jibu nikaomba siku mbili.

10 Februari

Jibu limepatikana ndani ya nyumba. Safari za ndani za idara, kifungu 2210300, tumetoa 600,000. Haikuwa rahisi. Kuna mwenzangu hajanisalimu tangu Jumamosi. Lakini hazina walilainika mara moja. Mtu anayeomba huku ameshika chake mkononi anasikilizwa tofauti. Kikomo chetu kimeongezwa kiasi, ila hawakuahidi zaidi ya vipaumbele viwili na sehemu ya cha tatu.

12 Machi

Kikao cha wananchi Faza. Ni Ramadhani, kwa hiyo tuliweka baada ya Alasiri na kumaliza mapema watu wawahi futari. Nilibandika vipaumbele vitano ukutani. Mzee mmoja akasimama akauliza kwa nini boti mpya iko chini. Nikaanza kueleza, nahodha akanikata. "Hii moja hatuwezi kuilisha, ya pili tuilishe nini?" Watu wakacheka, mzee akaketi.

Mama mmoja alisema jambo ambalo sikuwa nalo. Boti ya kaunti isipokuja, familia inakodi boti ya mtu, na kukodi usiku wakati wa kusi ni pesa ya kuuza mbuzi wawili. Wengine hawaendi kabisa wakingoja kupambazuke. Nimeandika maneno yake jinsi alivyosema, kwa idhini yake bila jina, yaingie kwenye kiambatisho.

29 Aprili

Makadirio yameingia bungeni, siku moja kabla ya mwisho wa kisheria. Kurasa zetu ni nne. Rasimu ya kwanza ilikuwa 17.

15 Mei

Kamati.

Nilipewa dakika 15. Sikusoma. Nilianza na zile simu 52 na sababu zake mbili, kisha jedwali la vipaumbele vitano, na kwa kila kimoja sentensi moja: mkikikata hiki, hiki ndicho kitakachotokea.

Mwenyekiti akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Mnaomba mafuta 1,348,200 zaidi. Hii nyongeza ni ya safari mpya au ya kuziba pengo?"

Nikajibu kama ilivyo. Mheshimiwa, 540,200 haileti hata safari moja mpya. Inalipia safari 142 tunazofanya leo kwa mkopo. 808,000 ndiyo ya safari mpya. Kukawa kimya. Afisa mkuu alinitazama kwa jicho la pembeni, maana tungeweza kusema zote ni za safari mpya. Lakini wangeuliza mwakani mbona safari hazikuongezeka kwa kiasi hicho, na hapo ndipo ombi linapokufa kwa miaka mitatu.

Mwingine akauliza kuhusu zamu ya usiku: mbona hatukuomba nahodha wa pili? Nikamwambia mishahara ina kikomo cha asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kuajiri kunapitia mlango mwingine. Hakuridhika. Na mimi sikuridhika.

Mheshimiwa wa upande wa Kiunga ndiye aliyeuliza kali. "Mkipewa nusu ya kipaumbele cha tatu, mtajibu simu za nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitaleta kwa maandishi.

17 Mei

Nimelifanyia kazi. Nusu ni 404,000, yaani lita 2,000. Simu za Faza zisizojibiwa ni 38, zinataka lita 1,900. Za Kiunga ni 14, zinataka lita 2,100. Kwa hiyo nusu hiyo inatosha kuwajibu Faza wote na kuwaacha Kiunga kama walivyo, au kuwajibu Kiunga 13 na kuwaacha Faza.

Ukihesabu wagonjwa, Faza wanashinda kwa mbali. Lakini mgonjwa wa Kiunga akikosa boti yuko saa tatu za bahari kutoka Amu, na barabara ya huko kila mtu anaijua. Wa Faza anaweza kukodi, kwa uchungu. Wa Kiunga akitafuta boti binafsi yenye mafuta ya safari hiyo huenda asiipate kabisa.

Nimeandika hivi: sehemu ya kwanza ya mafuta ya ziada iwe simu za dharura za uzazi na majeraha, kutoka pande zote mbili, kwa mpangilio wa zinavyoingia, rufaa zinazoweza kungoja asubuhi zingoje boti ya abiria na idara ilipe nauli. Daftari la Faza linaonyesha 11 kati ya simu 38 zilikuwa za aina hiyo ya kungoja. Hizo ni lita 550 zinazobaki dumuni. Za Kiunga nimewapigia wauguzi waniangalizie.

19 Mei

Kiunga: mbili tu za kungoja. Zinaachilia lita 300. Sasa mahitaji ya dharura tupu ni simu 27 za Faza, lita 1,350, na 12 za Kiunga, lita 1,800. Jumla 3,150 dhidi ya 2,000. Bado haitoshi, lakini pengo limepungua kutoka lita 2,000 hadi 1,150. Nimepeleka.

12 Juni

Ripoti ya kamati ya bajeti imetoka. Kipaumbele cha kwanza kimepita chote. Cha pili chote, na matengenezo ya boti yana mstari wake. Cha tatu nusu, 404,000. Mashine ya akiba iangaliwe kwenye bajeti ya ziada. Boti mpya ifanyiwe uchambuzi wa gharama za kuiendesha kwa miaka mitano kabla ya kuombwa tena. Hilo la mwisho nililiandika mimi kwenye kiambatisho, sikutegemea walichukue neno kwa neno.

Mafuta yetu ya 2025/26 ni 2,444,200.

Deni la zamani limeingia kwenye orodha ya malipo ya kwanza. Nimempelekea muuza mafuta nakala ya ukurasa huo. Ameisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

20 Juni

Mpango wa fedha wa robo kwa robo umepelekwa hazina. Robo ya kwanza tumeomba 800,000 kati ya 2,444,200, na jedwali la miezi la nahodha nimelibandika nyuma. Afisa wa hazina aliuliza kama upepo nao ni sababu ya kibajeti. Nikamwambia akipata nafasi Julai aende Faza kwa boti.

3 Julai

IFMIS bado haijafunguliwa kwa mwaka mpya. Muuza mafuta ametupa lita 400 kwa imani, baada ya kulipwa 300,000 ya deni wiki iliyopita. Lita 250 zimeenda Kiunga, 150 Faza. Vipuri vya pampu ya maji, viwili, viko stoo ya Faza ndani ya bati la biskuti.

Simu ya kwanza ya mwaka: saa tisa usiku, Siyu, mama mjamzito, maji yametoka. Ameletwa Faza kwa pikipiki. Boti imeondoka saa kumi na dakika 20, imefika Amu saa kumi na moja na nusu. Nahodha ameandika lita 31 kwa kwenda tu.